Hailaiti Chini ya Rangi Mpya: Kwa Nini Kahawia Hugeuka Tope

Nyuma ya maboksi mengi ya rangi ya nywele kuna picha ndogo zilizopangwa mbili mbili: nywele kabla ya kupakwa, na nywele baada ya kupakwa. Kama zako ni nyeusi, utapata hiki; kama ni kahawia, utapata kile. Picha hizo hazidanganyi, ila zimepigwa kwa ajili ya mtu mwenye nywele za rangi moja kichwa kizima. Mwenye hailaiti hayumo. Yeye ana nywele za aina mbili zilizolala ubavu kwa ubavu: zile alizozaliwa nazo, ngumu kupenya na zenye rangi yake kamili, na zile zilizopitiwa na blichi, ambazo zimebaki manjano na zinanyonya chochote zinachowekewa. Rangi moja, kutoka bakuli moja, haiwezi kutoa jibu moja kwenye nywele hizo mbili.

Ndiyo maana malalamiko yanayosikika saluni baada ya hailaiti kufunikwa yanafanana sana. Mteja alitaka kahawia ya chokoleti. Ameoshwa, amekaushwa, na anapojitazama kwenye kioo anakuta nywele zake nyeusi ziko vilevile, lakini michirizi iliyokuwa ya manjano imekuwa na rangi isiyo na jina. Karibu na mizizi ni kaki, katikati kuna ukijani uliochanganyika na kijivu, na nchani pamekuwa peusi kuliko nywele ambazo hazijawahi kuguswa na dawa. Wiki tatu baadaye weusi ule umeshatoka na maji, na kaki imebaki. Msusi hulaumu boksi, mteja humlaumu msusi. Mara nyingi boksi halina kosa: rangi imefanya kazi yake kama ilivyotengenezwa, isipokuwa imepakwa mahali ambapo kitu muhimu kilishaondolewa.

Kitu hicho ni wekundu.

Rangi ya asili ya unywele inatokana na chembechembe za melanini zilizomo ndani yake. Kuna melanini nyeusi na kahawia, na kuna nyingine yenye wekundu na manjano. Blichi inapoingia huzivunja chembechembe hizo hatua kwa hatua, na ukiwa umekaa kwenye kiti na foili zako kichwani, msusi akifunua moja unaweza kuziona hatua zenyewe. Unywele mweusi kwanza unakuwa na wekundu uliokoza. Kisha wekundu unaoelekea chungwa, halafu chungwa kamili, halafu chungwa yenye manjano, halafu manjano, na mwisho manjano hafifu sana. Kila hatua ni rangi iliyokuwamo ndani ya unywele tangu mwanzo, imefichwa na weusi.

Sasa fikiria kahawia. Kwa macho yetu ni rangi moja, lakini ndani yake kuna nyekundu, manjano na bluu kwa vipimo tofauti. Mtengenezaji wa rangi ya kahawia ya kawaida anajua kwamba unywele wenye rangi yake ya asili utachangia wekundu na uchungwa wake wenyewe, kwa hiyo hahitaji kutia mwingi. Akitia mwingi, watu watatoka vichwa vyekundu. Rangi hiyohiyo ikiangukia unywele uliofikishwa kwenye manjano, haikuti wekundu wowote wa kusaidiana nao. Inakuta manjano peke yake. Bluu iliyomo kwenye rangi inakutana na manjano ya unywele, na kila mtoto aliyewahi kushika brashi ya kuchorea anajua zikikutana hutoka nini. Huo ndio ukijani, na ukijani ukichanganyika na kahawia dhaifu ndio tope.

Hali huwa mbaya zaidi mteja akichagua kahawia ya majivu, ile ambayo kwenye boksi hufuatwa na .1 baada ya nukta. Rangi za majivu zina bluu zaidi, wakati mwingine na kijani, kwa kuwa kazi yake ni kuua wekundu na uchungwa. Kwenye hailaiti za manjano hakuna wekundu wa kuuawa. Nitasema wazi: ukiwa unafunika hailaiti, kahawia ya majivu ni chaguo baya, hata kama picha yake mtandaoni inavutia namna gani.

Kwa nini nchani panakuwa peusi

Wekundu uliokosekana unaeleza tope, lakini hauelezi weusi. Weusi una sababu yake nyingine, nayo ni ya umbo la unywele.

Unywele umefunikwa kwa magamba membamba yanayolaliana. Kwenye unywele ambao haujatiwa dawa, magamba hayo yamelala vizuri, na rangi ya kudumu hulazimika kutumia amonia au kitu cha jamii yake ili kuyafungua. Vitu vya rangi huingia vikiwa vidogo, peroksaidi inaviunganisha ndani, vinakuwa vikubwa na kunasa humo. Unywele uliopita kwenye blichi magamba yake yameinuka, mengine yamemomonyoka kabisa, na ndani kumebaki matundu mahali palipokuwa na melanini. Unameza rangi kama udongo mkavu unavyomeza maji ya mvua ya kwanza. Ndani ya dakika kumi unaweza kuwa umeingiza rangi ambayo unywele wa kawaida ungeichukua kwa nusu saa, na hauna kipimo cha kusema basi.

Nchani ni pabaya zaidi kwa sababu ndiko kukongwe. Unywele wa kichwani hurefuka kwa takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo ncha ya unywele wa sentimita 30 imekuwepo zaidi ya miaka miwili. Imepigwa pasi, imechanwa, imekaa juani, na huenda imepitiwa na blichi zaidi ya mara moja. Ukipaka rangi mzizini na nchani kwa wakati mmoja na kuziosha pamoja, ncha zitakuwa zimekunywa kupita kiasi.

Na matundu yale yale yaliyoingiza rangi kwa haraka huitoa kwa haraka. Hapo ndipo kuna jambo linalowachanganya wengi: nywele iliyo nyeusi mno siku ya kwanza ndiyo hiyohiyo inayopauka mapema. Vitu vya rangi vyenye bluu na kahawia hutoka, hakuna wekundu chini yake wa kuzishikilia, na mteja anarudi saluni akidhani aliwekewa rangi feki.

Kabla hujafika kwenye bakuli basi, pima unyonyaji. Lowesha vidole, shika unywele mmoja wa hailaiti, kisha uvipandishe kutoka nchani kuelekea mzizini. Ukihisi mkwaruzo, magamba yameinuka. Halafu nyunyiza maji kidogo: unywele mzima huachia matone yakae juu kwa muda, ule ulioharibika unalowa papo hapo. Mwisho, uvute polepole ukiwa umelowa. Ukirefuka kidogo na kurudi, unaweza kupakwa. Ukirefuka kama mpira na kubaki hivyo, au ukakatika, usipakwe rangi yenye peroksaidi hata kidogo. Nywele hizo zinahitaji wiki kadhaa za matunzo, na mara nyingine mkasi.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tumchukue mwanamke ambaye nywele zake za asili ni nyeusi zenye ukahawia kidogo na zinafika mabegani. Miezi sita iliyopita aliwekewa hailaiti. Mizizi imeshaota kama sentimita sita, na kuanzia hapo michirizi ni manjano yenye uchungwa, na nchani manjano tupu. Hataki tena kuonekana kwa mbali, lakini pia hataki kichwa cheusi tii. Anataka michirizi iwe kahawia laini inayoonekana anapogeuka kwenye mwanga.

Wasusi huhesabu wepesi wa rangi kwa namba. Namba 1 ni nyeusi kabisa, namba 10 ni manjano hafifu sana, na wengi wetu Afrika Mashariki tunazaliwa kati ya 1 na 3. Mwanamke wetu ni namba 3. Hailaiti zake ni 8, ncha zake ni 9. Anachokitaka ni 5. Namba inayofuata nukta ndiyo inayosema rangi imeelekea wapi. Katika kampuni nyingi .0 ni ya kawaida, .1 ni majivu, .3 ni dhahabu na .4 ni shaba, ingawa baadhi zina mpangilio wao na inafaa kusoma karatasi iliyo ndani ya boksi kabla ya kuamini kumbukumbu.

Kutoka 8 kushuka hadi 5 ni ngazi tatu. Ingekuwa ngazi moja au mbili, ingetosha kuongeza dhahabu au shaba kwenye mchanganyiko wenyewe na kupaka mara moja. Ngazi tatu na kuendelea zinahitaji kazi mbili: kwanza kurudisha wekundu na uchungwa ulioibwa na blichi, kisha ndipo kahawia iwekwe juu yake. Kazi ya kwanza wasusi huiita kujaza. Ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa inaongeza karibu nusu saa na mteja huogopa akijiona kichwa cha chungwa.

Rangi inayofaa hapa si ile ya kudumu yenye amonia nyingi. Ni ile ya nusu kudumu inayochanganywa na peroksaidi hafifu, ya asilimia 3 au chini ya hapo. Peroksaidi ya asilimia 6 au 9 ni ya kupandisha wepesi wa nywele na kufunika mvi sugu. Kwenye hailaiti inafungua magamba ambayo tayari yako wazi. Rangi hafifu ina faida ya pili kwa mwanamke wetu: ikigusa nywele zake nyeusi kwa bahati mbaya haitazibadilisha kiasi cha kuonekana. Hakuna rangi itakayofanya namba 3 iwe 5 bila kuipandisha, na yeye hajaomba hivyo.

Msusi anazitenga hailaiti kwa mkia wa kichana, kishungi baada ya kishungi, na kuweka foili chini ya kila kimoja. Mizizi iliyoota haipakwi kitu. Kwa kujaza anachukua gramu 20 za rangi ya 7.4, yaani shaba iliyo nyepesi kwa ngazi mbili kuliko lengo, na kuichanganya na gramu 40 za peroksaidi hafifu. Kama karatasi ya boksi inataka kipimo kingine, afuate karatasi. Anapaka kuanzia pale manjano inapoanzia hadi nchani, na kuacha dakika 15 hadi 20.

Kinachotafutwa ni rangi ya shaba iliyo sawa, isiyong'aa sana. Kama bado inaonekana manjano, haijajaa. Kama imekuwa nyekundu kama pilipili, imezidi, na kahawia itakayofuata itatoka na wekundu ambao huenda mteja hakuutaka. Hapa ndipo msusi mzuri huanza kuzungumza mapema. "Dada, sasa hivi utajiona chungwa, usishtuke, hiyo si rangi yako ya mwisho." Sentensi hiyo moja huokoa kelele nyingi.

Kisha anasuuza kwa maji ya vuguvugu bila shampuu, kwa maana shampuu ingeondoa sehemu ya alichokiweka. Anakamua kwa taulo mpaka unywele ubaki na unyevu kidogo tu. Unyevu huo unasaidia: unywele ambao tayari una maji hauwezi kunywa rangi kwa pupa.

Rangi ya pili haiwi namba 5, ingawa 5 ndiyo inayotakiwa. Unywele unaonyonya hushuka kwa karibu ngazi nzima kuliko boksi linavyosema, hivyo msusi anachagua 6. Anachanganya gramu 15 za 6.0 na gramu 5 za 6.3, ile dhahabu kidogo ikiwa kinga dhidi ya ukijani, na kutia gramu 40 za peroksaidi ileile hafifu. Anaanza kupaka karibu na mizizi na katikati ya hailaiti. Nchani anapaacha kwanza. Baada ya dakika kama nane ndipo anapitisha kile kilichobaki hadi mwisho, ili ncha zipate muda mfupi kuliko sehemu nyingine.

Kuanzia dakika ya tano anakagua. Rangi iliyo juu ya nywele haiaminiki, kwa kuwa krimu yenyewe inakuwa nyeusi inapokutana na hewa, na wengi huogopa weusi huo na kuosha mapema, au wakaupuuza na kuosha wamechelewa. Njia ni kufuta kishungi kimoja kwa kitambaa chenye maji, kukilaza juu ya tishu nyeupe, na kukitazama karibu na dirisha. Taa za saluni zenye umanjano huficha ukijani, na taa nyeupe za bluu huuzidisha. Kishungi kikionekana nyeusi kidogo kuliko lengo kikiwa kimelowa, kazi imekamilika, kwa sababu unywele mkavu huonekana mwepesi zaidi. Kwa mwanamke wetu huenda ikawa dakika ya 12, huenda ya 18. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi ni kikomo cha juu, na nywele zilizopauka mara nyingi hazikifikii.

Asiye na uwezo wa kununua rangi mbili za saluni anaweza kujaza kwa njia nyepesi: rangi ya shaba isiyotumia peroksaidi, ile ya kupaka moja kwa moja, ikichanganywa na kondishena nyeupe na kuachwa dakika 20 hadi 30. Haishiki kwa nguvu kama ile ya kwanza, lakini inampa kahawia kitu cha kukalia, na haiongezi uharibifu. Kwa mtu anayejipakia nyumbani, mimi ningependekeza hii.

Hata hivyo, hesabu yote hii ni ya karatasi mpaka ijaribiwe kwenye kishungi kimoja. Chagua cha kisogoni, kwenye hailaiti iliyopauka zaidi, kijaze, kipake, kioshe, kikaushe kabisa. Ukipata 5, endelea. Ukipata 4, ongeza wepesi wa rangi ya pili kwa ngazi moja au punguza muda. Ukipata kaki, shaba haikutosha. Jaribio hilo huchukua muda wa saa moja, na hakuna ujuzi wa miaka mingapi unaoliondolea msusi haja yake, kwa kuwa hajui nywele hizo zimepitia nini kabla hazijamfikia.

Kama hutaki kuzifunika

Wapo wanaozipenda hailaiti zao na wanachotaka ni kupaka mizizi tu, hasa mvi zinapoanza kuchungulia. Hao huharibiwa nywele kwa namna tofauti. Rangi inapakwa mizizini kwa uangalifu, dakika zinakwisha, halafu kwa dakika tano za mwisho inavutwa kwa kichana mpaka nchani "ili zing'ae". Dakika tano hizo kwenye unywele wa blichi zinatosha kuizima hailaiti. Mteja akifanya hivyo kila baada ya wiki sita, rangi inajilundika juu ya rangi, na baada ya miezi michache hakuna tena michirizi, kuna madoa ya kahawia na kijivu.

Ukweli wa saluni ambao boksi halikuambii ni kwamba rangi haipandishi rangi. Ukishaizima hailaiti kwa rangi ya kudumu, kupaka rangi nyepesi juu yake hakutairudisha. Itabidi blichi tena, juu ya unywele uliokwisha kuchoka.

Kwa hiyo mizizi ipakwe peke yake. Hailaiti zipakwe kondishena nzito kabla ya kuanza, na zifungwe kwenye foili. Kazi ngumu iko kwenye kuosha, maana hapo rangi yote ya mizizini inateremka juu ya hailaiti. Kichwa kilazwe nyuma kwenye sinki, mizizi isuuzwe kwanza kwa maji mengi na foili zikiwa bado zimefungwa, mpaka maji yatoke meupe. Ndipo foili zifunguliwe. Kama hailaiti zimeanza kupauka na zinahitaji uhai, zipewe tona nyepesi ya dhahabu au beji yao wenyewe, mbali na rangi ya mizizi, kwa dakika chache zinazotazamwa kwa macho.

Hina, piko na dawa ya kulainisha

Kuna mambo matatu ambayo kwetu lazima yaulizwe kabla ya bakuli kushikwa.

La kwanza ni hina. Hina safi ya majani hutoa rangi ya chungwa na nyekundu, na yenyewe haigombani na peroksaidi. Lakini unga mwingi unaouzwa kwa jina la hina ya nyeusi au kahawia umechanganywa na vitu vingine, na baadhi una chumvi za madini. Chumvi hizo zikikutana na peroksaidi zinaweza kutoa joto, harufu kali, na kuugeuza unywele rangi au kuukata. Kipimo chake ni rahisi: kata kishungi kidogo, kitumbukize kwenye peroksaidi ya asilimia 6 iliyotiwa matone kadhaa ya amonia, ukiache nusu saa kwenye chombo cha kioo. Kikipata joto, kikitoa povu au kubadilika rangi kwa ghafla, usipake.

La pili ni piko. Ile nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni wakati wa harusi mara nyingi huwa na kemikali iitwayo para-fenilini-daiamini, ambayo imo pia kwenye rangi nyingi za nywele zilizokoza. Ngozi iliyopimwa nguvu na piko inaweza kuikumbuka kemikali hiyo maisha yote. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwa kemikali hiyo kwenye rangi ya nywele inapofika kichwani, lakini piko ya mkononi haina anayeipima. Kama umewahi kutokwa na malengelenge au vipele pale ulipochorwa piko, mwambie msusi kabla ya lolote, na usipake rangi ya aina hiyo kichwani bila kumwona daktari wa ngozi. Wengine wote wapake tone la rangi nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na kusubiri saa 48.

La tatu ni dawa ya kulainisha. Nywele zilizolainishwa zinanyonya zaidi kuliko za asili, na blichi juu ya dawa huzidisha. Dawa na rangi visifanyike siku moja. Dawa itangulie, rangi ifuate baada ya angalau wiki mbili, na dawa isivutwe kamwe juu ya sehemu yenye hailaiti.

Tope likishatokea

Kishawishi cha kwanza ni kupaka rangi nyingine juu ili kufunika. Ndicho kinachopeleka nywele kwenye weusi usiotoka. Kwanza tambua tatizo ni lipi, kwa sababu tiba zake ni kinyume.

Kama rangi ni kaki au ina ukijani lakini si nyeusi mno, kilichokosekana ni wekundu, na wekundu unaweza kuongezwa hata sasa. Rangi hafifu ya shaba yenye wekundu kidogo, iliyopunguzwa nguvu kwa kondishena, inapakwa kwenye sehemu zenye ukijani pekee na kutazamwa kila dakika mbili au tatu. Ukijani ukizimika, unaosha. Hapo hautafuti rangi mpya, unatafuta usawa. Lakini kama ukijani ulikuja wenyewe wiki kadhaa baada ya kupaka, na unaogelea au maji yenu yana shaba kutoka kwenye mabomba, huenda madini yamenasa kwenye nywele. Shampuu maalumu ya kuondoa madini itangulie kabla ya rangi.

Kama tatizo ni weusi, siku za kwanza ndizo zenye nafuu. Unywele uliomeza rangi kwa haraka bado unaweza kuitapika: shampuu ya kusafisha kwa kina, maji ya vuguvugu, kondishena nzito baadaye, na kurudia baada ya siku moja au mbili. Isipotosha, zipo dawa za kutoa rangi ambazo huvunja vile vitu vikubwa vilivyonasa ndani na kuvirudisha vidogo ili vioshwe. Zinanuka yai bovu na zinahitaji kusuuzwa kwa muda mrefu sana, la sivyo rangi huungana tena na weusi kurudi kesho yake. Blichi iwe ya mwisho kabisa, na kwenye nywele zilizofeli mtihani wa kuvuta isitumike.

Baada ya kazi iliyofanywa vizuri, subiri siku mbili au tatu kabla ya kuosha mara ya kwanza, na tumia maji yasiyo ya moto. Rangi itapauka kidogo bila shaka, kwa kuwa unywele wa blichi hauwi tena kama ulivyozaliwa. Ila ukiwa umejazwa, unapauka kuelekea kahawia ya dhahabu, si kuelekea kaki, na unaweza kuburudishwa kwa rangi hafifu baada ya wiki sita hadi nane bila kuanza upya.

Ukienda saluni kufunika hailaiti, muulize msusi jambo moja kabla hajafungua tyubu: ataweka nini kwenye manjano kabla ya kahawia? Akisema atapaka kahawia moja kwa moja, mwombe ajaribu kwanza kwenye kishungi kimoja cha kisogoni, na usikubali apake kichwa kizima kabla hujakiona kikiwa kikavu.